Tangazo letu lilisahau Jumamosi

Swali la wiki: *Siku hizi hata tangazo la kazi ya karani linadai digrii, miaka mitano na ujuzi wa kila aina. Ungekuwa wewe ndiye unaandika, ungejuaje kipi kinahitajika kweli na kipi ni tamaa tu?*

Mimi nasimamia ofisi ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi huku Industrial Area, na sitajifanya mtakatifu, tangazo baya kuliko yote niliyowahi kuona niliandika mimi mwenyewe. Karani wetu wa akaunti, mama aliyekaa na sisi miaka 11, alikuwa anastaafu, bosi akaniambia weka tangazo haraka, nami nikafanya kile kila mtu hufanya, nikafungua matangazo matatu ya kampuni zingine nikachota huku na kule. Likatoka hivi: digrii ya biashara, CPA-K ya wahasibu waliohitimu, uzoefu wa miaka 5, umri usizidi 30, programu za hesabu za QuickBooks, Sage na SAP, leseni ya kuendesha gari, cheti cha tabia njema, awe mchangamfu. Mshahara ati "wa kuvutia". Mshahara wenyewe ulikuwa 38,000.

CV zilikuja zaidi ya 200. Tuliowapigia wengi wakisikia hiyo pesa wanasema watanirudia, na hawarudi. Tuliyempata alikuwa na CPA-K kweli, akakaa wiki saba, ofisi moja ya wakaguzi wa hesabu ikamchukua, na simlaumu manake kutwa nzima kwetu alikuwa anapanga deliveri noti. Aliondoka tarehe 14. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20, hakuna aliyekuwa ameandaa makaratasi, tukachelewa, na faini ya hapo ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Bosi alilipa huku ananiangalia mimi.

Basi nikampigia yule mama aliyestaafu. Nikamwambia, "Mama, naomba uje nusu siku tu, nataka kujua ulikuwa unafanya nini hapa." Akacheka sana. "Miaka 11 ndio unaniuliza leo?" Akaja, tukaketi na kauntabuku, nikamwomba anipitishie mwezi mmoja, siku kwa siku, na kila kitu aniambie kilichukua muda gani.

Hapo ndio niliona aibu. SAP hatujawahi kuwa nayo. Gari lina dereva. VAT anaifaili mhasibu wa nje ambaye tunamlipa kila mwezi, kazi ya karani ni kumpa orodha ya mauzo na manunuzi ikiwa safi kabla ya tarehe 15, kwa hivyo hiyo CPA-K nilikuwa naitafutia kazi inayofanywa na mtu mwingine! Kazi yenyewe, karibu nusu ya wiki, ni kulinganisha deliveri noti na invoisi, alafu pesa zilizoingia kwa till ya M-Pesa na mauzo ya siku. Lori limetoka na mifuko 200 ya simiti, invoisi inasema 180, hizo 20 ziko wapi? Huyo ndiye mtu tulikuwa tunamtafuta, wa kuona hizo 20 kabla jioni haijafika.

Na kuna mambo ambayo kwa tangazo langu refu hayakuwepo kabisa. Mama akaniambia kitu kigumu kuliko vyote ni watu wa mauzo. Wanakuja na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, iliyotolewa bila PIN ya kodi ya mteja, mteja akifika kwa mhasibu wake anaambiwa hawezi kudai VAT yake, anarudi na moto, inabidi itolewe kredit noti na invoisi mpya, na mwenye kosa anataka ipewe tarehe ya zamani ili isionekane ni yeye. "Ukikosa uwezo wa kumwambia mtu mzima hapana, hiyo meza itakumaliza," akasema. Ungeliweka wapi hilo kwa "awe mchangamfu"?

Tangazo la pili nikaliandika kutoka kwa kauntabuku. Kila sharti nilijiuliza, asipokuwa nalo siku ya kwanza nini kitaharibika, na likiweza kufunzwa litachukua wiki ngapi. QuickBooks mtu anayeelewa debiti na krediti tunaweza kumfunza kwa wiki mbili, kwa hivyo ikatoka kwa masharti, ikabaki sentensi kwamba tutafunza. Debiti na krediti zenyewe siwezi kufunza hapa simu zikilia, hizo zikabaki lazima. Digrii ikaenda, nikaandika ATD, ile diploma ya uhasibu ya bodi ya mitihani ya KASNEB, au kiwango kinacholingana nayo, au mtu aonyeshe kazi aliyofanya. Na ile "miaka 5" nilipoikazia macho niligundua ni kisingizio cha kutojua ninachotaka, manake kuna mtu amefanya miaka 5 akipiga mihuri tu. Nikaandika: awe amewahi kufunga hesabu za mwezi mzima yeye mwenyewe, angalau mara tatu.

Umri niliufuta na sikumuuliza mtu, Katiba ya 2010 kifungu cha 27 kinataja umri waziwazi kati ya vitu usivyoweza kumbagulia mtu. Cheti cha tabia njema tukasema ataleta aliyepewa kazi, mbona watu 200 walipe 1,050 kila mmoja kwa nafasi moja? (Najua kuna kazi huwezi kulegeza. Fundi wa stima lazima awe na leseni ya EPRA, hapo hakuna hadithi.)

Mshahara nikauandika, 38,000. Bosi alikataa, akasema wafanyakazi wengine wataona. Nikamkumbusha zile simu zote tulizopiga bure, akanyamaza. Nikaongeza mwisho wa mwezi kazi huenda mpaka saa 2 usiku, na Jumamosi kuhesabu stoo.

Safari hii CV zilikuwa 41. Tukaita saba, na badala ya kuwauliza wanajiona wapi miaka mitano ijayo, nikawapa kila mmoja deliveri noti 20 na invoisi 17 za zamani, majina ya wateja nimeyaziba, nusu saa, nitafutie yasiyolingana. Yalikuwa matano. Wawili wenye digrii walipata mawili mawili. Msichana mmoja aliyekuwa anashika hesabu za duka la jumla Gikomba alipata manne, na lile la tano akasema, "Hii mwandiko wa mtu wa stoo siuelewi, ningeenda kumuuliza." Hilo jibu lilinitosha.

Alafu akasema yeye ni Msabato, Jumamosi hawezi, na alituma ombi tu kwa sababu kule mwisho tulisema maswali yanaruhusiwa, sasa swali lake ni, lazima iwe Jumamosi?

Nikabaki kimya. Nilikuwa nimejiuliza kuhusu masharti mengine yote isipokuwa hilo, na mimi ndiye niliyeliongeza nikidhani ndio ukweli wa kazi. Tukamuuliza mama kwa simu, akasema Jumamosi ilichaguliwa na bosi wa zamani, kinachohitajika ni duka liwe limefungwa na lori zisiwe zinapakia. Mtu wa stoo ni Muislamu, akasema Jumapili kwake ni siku kama zingine, bora apewe siku nyingine ya kupumzika.

Tunahesabu Jumapili ya mwisho wa mwezi kuanzia saa 2 asubuhi. Msichana tukampa kazi. Miezi miwili ya kwanza orodha ya manunuzi ilimtoa jasho, mhasibu akairudisha mara mbili, wa tatu ikapita.