Alif Lam Mim si kalenda

Shehe, salamu alaikum. Mimi ni mama wa Birere, hapa Goma, nauza vitenge. Kuna mzee anapita kwenye maduka yetu, anasema Alif Lam Mim na Kaf Ha Ya Ain Sad zilizo mwanzoni mwa sura za Qur'ani ni hesabu, na kwamba ameshazipiga akajua vita vyetu vitaisha mwaka gani. Ameniandikia herufi hizo kwenye karatasi niitundike dukani, nikamlipa dola kumi. Hizo herufi maana yake nini hasa?

Wa alaikumu salamu, mama. Huyo mzee hakuitunga njia yake. Ni hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu hupewa thamani yake: alif ni 1, lam ni 30, mim ni 40. Waarabu waliitumia kuandikia namba na tarehe, na mpaka hapo haina ubaya wowote. Tatizo linaanza mtu anapoipeleka kwenye Qur'ani na kuuliza miaka.

Kisa kinachotegemewa na watu wa hesabu hiyo kimepokewa na Ibn Is-haqa, mwandishi wa Sira. Inasimuliwa kuwa Abu Yasir bin Akhtab, Myahudi wa Madina, alipita akamsikia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisoma mwanzo wa Suratul Baqara. Akaenda kumwambia ndugu yake Huyay. Huyay akaja na wenzake, akapiga hesabu: Alif Lam Mim ni 71. Akawageukia wenzake: mtaingia dini ya nabii ambaye ufalme wake na muda wa umma wake ni miaka 71 tu? Kisha akamuuliza Mtume kama kuna nyingine. Akaambiwa ipo, Alif Lam Mim Sad. Hiyo ni 161. Kuna nyingine? Alif Lam Ra, 231. Na nyingine? Alif Lam Mim Ra, 271. Hapo Huyay akasema jambo lako limetutatanisha, hatujui umepewa kidogo au kingi, wakaondoka. Njiani Abu Yasir akasema huenda amepewa zote kwa pamoja, yaani miaka 734.

Sasa tazama kisa hicho kwa makini. Kwanza, mfasiri wa Qur'ani Ibn Kathir amesema njia ya mapokezi yake ni dhaifu, kwa sababu inazunguka kwa al-Kalbi, mtu ambaye akisimulia peke yake hategemewi. Pili, hata ukikikubali, aliyepiga hesabu ni Huyay, na Huyay mwenyewe alishindwa. Mtume alijibu tu kwamba zipo nyingine. Tatu, mwaka 734 Hijria ulikwisha pita, ulikuwa karibu na 1334 kwa miaka ya Masihi, na sisi leo tunaswali Ijumaa Goma.

Kuna jambo jingine ambalo huyo mzee hatakuambia. Herufi sad kwa watu wa mashariki ni 90, lakini kwa watu wa Maghribi ni 60. Piga upya kwa hesabu ya Maghribi: 161 inakuwa 131, na 734 inakuwa 704. Aya ni ile ile, jibu limepungua miaka thelathini, kwa sababu watu wawili walijifunza abjadi kwa walimu tofauti. Muulize huyo mzee anatumia ipi.

Atakapobanwa, akiwa amesoma kidogo, atakutajia Ibn Barrajan. Huyu alikuwa mwanachuoni wa Andalusia, alifariki mwaka 536 Hijria, na katika tafsiri yake alitaja mwaka 583 kuwa ni mwaka wa kurudi Baitul Maqdis kwa Waislamu. Kweli, Salahuddin aliingia mji huo mwaka 583, yaani 1187. Kisa ni cha kweli na kinashangaza, sikifichi. Lakini wanachuoni waliokisoma kitabu chake, kama Sakhawi wa Damaski, wamesema hakuutoa mwaka huo kwenye thamani za herufi. Na hakuna anayetuhesabia wale wote waliotaja mwaka ukapita kimya.

Mimi ushahidi unaonitosha uko mahali pale pale Ibn Barrajan alipoutaja mwaka huo, mwanzo wa Suratul Rum. Sura hiyo inaanza na Alif Lam Mim, kisha inatoa habari ya vita: Warumi wameshindwa, nao baada ya kushindwa kwao watashinda, fii bidh'i siniin, katika miaka michache. Neno bidh'i kwa Kiarabu ni kuanzia tatu hadi tisa. Mama, ona: herufi ziko pale, vita viko pale, muda uko pale, na muda haukufichwa ndani ya herufi. Ulisemwa kwa maneno ambayo mchunga ngamia anayaelewa. Mwenyezi Mungu alipotaka watu wajue muda wa vita, aliutaja.

Basi herufi ni za nini? Zimefungua sura 29, na ukiondoa zinazojirudia zinabaki 14, nusu ya alfabeti ya Kiarabu. Wako waliosema ni siri ya Mwenyezi Mungu, tunaziamini na kunyamaza. Kauli hiyo inanasibishwa na Abubakar Siddiq. Kutoka kwa Ibn Abbas imepokewa kuwa zinafupisha majina na sifa zake, kama Alif Lam Mim kuwa "Mimi ni Mwenyezi Mungu, najua zaidi". Lakini kwa Kaf ya Suratu Maryam mapokezi kutoka kwake yenyewe yanatofautiana: mara Kabir, mara Kafi, mara Karim. Na wako waliosema ni majina ya sura, ndiyo maana tunasema tumesoma Yasini. (Kwamba Yasini na Taha ni majina ya Mtume, hilo limeenea sana kwetu na watoto tunawaita hivyo, ila hadithi sahihi ya kulithibitisha haipo.)

Kauli ninayoegemea ni ya mfasiri Zamakhshari na wengine, na Ibn Kathir ameitaja kuwa ni ya Ibn Taymiyya pia: ni changamoto. Kama vile Waarabu wanaambiwa, hiki Kitabu kimeundwa kwa alif na lam na mim mnazozitumia sokoni kila siku, leteni basi mfano wake. Dalili ni kwamba karibu kila sura yenye herufi hizo inaendelea papo hapo kwa kutaja Kitabu au Qur'ani: "Hiki ni Kitabu kisichokuwa na shaka." Maryam, Ankabut, Rum na Qalam haziendi hivyo moja kwa moja, kwa hiyo simlazimishi mtu.

Karatasi usiitundike. Ina herufi za Qur'ani, usiitupe jalalani. Ichome au uizike mahali safi. Dola kumi, kama unaweza, mdai.

Hesabu ya herufi hizi iliyo na dalili ni moja, nayo iko kwa Tirmidhi kutoka kwa Ibn Mas'ud: herufi moja ya Kitabu ni jema moja, na jema hulipwa mara kumi, Mtume akasema, sisemi Alif Lam Mim ni herufi moja, bali alif ni herufi, lam ni herufi, mim ni herufi. Zisome basi kwa majina yake, usiziunganishe kama neno. Alif bila kuvuta, lam na mim harakati sita. Kwa Kaf Ha Ya Ain Sad, kaf na sad sita, ha na ya mbili mbili, na ain nne au sita.