Dalali wa karanga: ile shilingi 700 inaishia wapi?

*Mtaalamu, nalima karanga hapa Mangaka, Nanyumbu. Kijijini wananipa shilingi 1,800 kwa kilo, na mdogo wangu aliyeko Dar anasema Tandale ni 2,500. Nina magunia sita ya kilo 100. Kwa nini nisipeleke mwenyewe?*

Ndugu yangu, 700 mara kilo 600 ni shilingi 420,000. Sasa tuzitoe gharama. Viwango hivi ni vya mfano tu, weka vya kwako. Lori likutoze 120 kwa kilo, ni 72,000. Wapakiaji na washushaji 30,000. Nauli yako kwenda na kurudi 80,000, gesti na chakula siku tatu 90,000. Karanga zikinywea njiani kilo 12, umepoteza 30,000. Dalali wa Tandale achukue 50 kwa kilo, 30,000. Mkononi zimebaki 88,000.

Umeona, hata ukienda mwenyewe dalali yumo. Mnunuzi wa pale hakujui. Anachoma gunia kwa bambo, anaangalia punje, lakini sumukuvu ya karanga zilizoanikwa vibaya haionekani kwa macho. Kwako hana dhamana yoyote, ukishaondoka umeondoka. Dalali atakuwepo kesho, na gunia likikutwa na mawe chini atadaiwa yeye. Isitoshe, ukilala siku ya pili bila kuuza, kila mtu sokoni anajua huwezi kurudisha mzigo zaidi ya kilomita 600, na bei inashuka. Mchumi Ronald Coase alilieleza hili mwaka 1960: kutafuta mteja, kupatana bei na kuhakikisha ahadi inatimizwa, vyote vina gharama.

Sehemu kubwa ya gharama hizo haijali ukubwa wa mzigo. Nauli na gesti, 170,000, kwa kilo 600 ni kama 283 kila kilo. Mkijikusanya majirani mkafikisha magunia 40 na kumtuma mtu mmoja, inashuka hadi kama 43. Mchuuzi wa kijijini hupata faida yake hapo hapo: anakusanya.

Kuna wakati, lakini, si gharama tena. Dalali akikuambia kauza 2,350 kumbe mnunuzi katoa 2,500, hicho ni cha juu, mbali na kamisheni yake. Ndiyo maana bei ipatanwe mbele yako, au umpigie simu dalali wa pili kabla ya kukubali. Na kijiji chenye mnunuzi mmoja, tena aliyekukopesha mbegu, bei hupangwa na yeye.

La mwisho, usilipwe kwa gunia, pima kwa mizani. Gunia la lumbesa lenye kilo 120 likilipwa kama la 100, umepata 180,000. Hapo hukuuza kwa 1,800. Umeuza kwa 1,500.