Siku 10 za kazi zinaisha lini? Hesabu ya Juni iliyonikata laki tano na arobaini

Nina karakana ya vitanda vya chuma Katwe, Kampala. Jumatatu ya tarehe 26 Mei 2025 nilisaini mkataba na shule moja ya bweni kule Jinja: vitanda vya ghorofa mbili vya shilingi 18,000,000, vifikishwe shuleni "ndani ya siku 10 za kazi", na kila siku ya kuchelewa nikatwe asilimia 1. Nilivifikisha Alhamisi, tarehe 12 Juni, nikijua nimewahi. Mhasibu wa shule akanilipa pungufu ya 540,000, yaani siku 3 za kuchelewa.

Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kabisa. "Mzee wangu, mimi nimehesabu Jumatatu hadi Ijumaa. Siku ya kumi ni tarehe 9."

Nilichukua kalenda nikahesabu naye. Siku ya kusaini tuliiacha, tukaanza Jumanne ya tarehe 27. Hadi Ijumaa ya tarehe 30 zikawa siku 4. Jumatatu, Juni 2, ikawa ya 5. Kuanzia hapo ndipo tulipoachana. Yeye aliendelea moja kwa moja: tarehe 3, 4, 5, 6, kisha Jumatatu tarehe 9, zikatimia 10. Mimi tarehe 3 niliiruka kwa kuwa ni Siku ya Mashahidi. Tarehe 4 na 5 nikazihesabu, zikawa 7. Ijumaa tarehe 6 ilikuwa Idi ya kuchinja, nikairuka. Jumatatu tarehe 9 ni Siku ya Mashujaa, nayo nikairuka. Zikabaki tarehe 10, 11 na 12, ndizo za 8, 9 na 10.

Angalia alipoangukia yeye: siku ya mwisho ya kupokea mzigo ilikuwa sikukuu ya taifa, stoo ya shule imefungwa. Nilimweleza hivyo. Akasema mkataba unataja siku za kazi tu, neno "sikukuu" halimo. Kweli halikuwemo. Nilipima gharama ya kufuatilia, nikaona itazidi kile nilichokatwa, nikaachia.

Baadaye nilijua kosa lilianzia wapi. Alitumia fomula ya kwenye kompyuta, akaiacha nusu. Ukifungua Excel, ukaweka tarehe ya kusaini kwenye kisanduku cha A1, ukaandika hivi kwenye kisanduku kingine, programu inaruka Jumamosi na Jumapili peke yake, maana haizijui sikukuu za Uganda:

```
=WORKDAY(A1,10)
```

Hiyo inatoa tarehe 9 Juni. Sikukuu lazima uziorodheshe mwenyewe kwenye safu nyingine, kisha uielekeze fomula huko:

```
=WORKDAY(A1,10,D1:D14)
```

Hapo inatoa tarehe 12. Nimeweka nafasi 14 kwa sababu ndizo sikukuu za kawaida za Uganda kwa mwaka: Januari 1 na 26, Februari 16, Machi 8, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Mei 1, Juni 3 na 9, Oktoba 9, Desemba 25 na 26, na Idi mbili. Usije ukaitumia NETWORKDAYS ukidhani ni kitu kilekile. Yenyewe huhesabu siku ya kwanza na ya mwisho pamoja, kwa hiyo kutoka tarehe 26 Mei hadi 12 Juni, ukiipa orodha ileile ya sikukuu, itakupa 11, uanze kugombana bure na mteja.

Idi ndiyo yenye shida zaidi, kwa kuwa ni ya mwezi. Ukisaini Aprili, tarehe utakayoiweka kwenye safu ni ya kukadiria, inaweza kusogea siku moja. Halafu serikali inaweza kutangaza siku ya mapumziko ambayo haimo kwenye kalenda yoyote. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 ilitangazwa hivyo kwa ajili ya sensa. Kwa hiyo mkataba usitegemee orodha ya tarehe peke yake. Useme ni siku yoyote iliyotangazwa rasmi kuwa sikukuu ya umma.

Na sikukuu ya nchi gani? Hili lilinipata katika mkataba huohuo. Mabomba ya chuma niliyaagiza Nairobi Alhamisi ya tarehe 29 Mei, muuzaji akaniahidi kuyapakia baada ya siku 2 za kazi. Kwangu hizo ni Ijumaa na Jumatatu. Lakini Madaraka, Juni 1, iliangukia Jumapili, na sheria ya Kenya inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ndiyo ya mapumziko. Jumatatu yake ikafa. Akapakia Jumanne, siku ambayo mafundi wangu wako Namugongo kwa Mashahidi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, kila mmoja alihesabu kwa kalenda ya kwao. Tangu hapo naandika "sikukuu za Uganda" kwa wateja wangu wa hapa, na kwa mabomba ya Nairobi naomba tarehe badala ya idadi ya siku.

Jumamosi nayo iandikwe wazi. Katwe tunafanya kazi Jumamosi kama siku nyingine, na sheria ya ajira ya Uganda inaruhusu wiki ya siku 6 mradi mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24. Mteja angeweza kudai Jumamosi ni siku ya kazi kwangu, na angekuwa na hoja. Kwa hesabu hiyo, tarehe 31 Mei na 7 Juni zingeingia, na muda ungeisha tarehe 10.

Kuna sehemu nyingine ambayo wengi wetu hatuisomi, ile ya faini. Mara nyingi muda wa kufikisha huhesabiwa kwa siku za kazi, ila faini huandikwa "kwa kila siku". Chukua mzigo uliotakiwa Alhamisi tarehe 5 Juni ukafika Jumanne tarehe 10. Kwa siku za kazi umechelewa siku 1, kwa sababu Ijumaa ni Idi na Jumatatu ni Mashujaa. Kwa siku za kawaida umechelewa 5. Kwa mkataba wangu hiyo ingekuwa 180,000 au 900,000, kwa neno moja tu lililokosekana.

Sasa kila mkataba wangu una maneno haya: "Siku ya kazi ni siku yoyote isiyo Jumamosi, Jumapili, wala siku iliyotangazwa rasmi kuwa sikukuu ya umma nchini Uganda, hata kama imetangazwa baada ya kusaini. Siku ya kusaini haihesabiwi. Mzigo ukipokelewa kabla ya saa 11 jioni ya siku ya mwisho, umewahi. Faini huhesabiwa kwa siku za kazi."

Kisha jioni ya siku ya kusaini nahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, nahakikisha kwa fomula, na kumtumia mhasibu ujumbe wa simu: "Kwa hesabu yangu siku ya mwisho ni Alhamisi, tarehe fulani. Sikukuu nilizoruka ni hizi. Kama una tofauti naomba uniambie leo." Wakati fulani mmoja alinijibu kwamba shule yao hupokea mizigo Jumamosi asubuhi, tukarekebisha kabla sijakata bomba hata moja. Jibu lake nalichapisha, nalibana nyuma ya mkataba.