Kwa nini walichanja sikio?

"Baba ana baka lisilo na hisia. Hapa Ujiji wamemchanja ndewe ya sikio tu. Mbona hawakuotesha vijidudu kama vya TB?"

Pole kwa baba, ndugu yangu. Bakteria wa ukoma hupenda ubaridi, nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hujazana masikioni, puani na vidoleni. Shika ndewe yako sasa: ina baridi kuliko kwapa. Kwenye chakula cha maabara haoti kabisa. Amepoteza jeni nyingi, anaishi kwa kutegemea seli hai. Hata akipandikizwa unyayoni mwa panya, hujigawa mara moja kwa siku 13 hivi. Wa TB haimalizi siku. Kwa hiyo majimaji ya sikio hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Wasipoonekana, msirudi nyumbani: baka lililokufa ganzi linatosha kumwanzishia dawa.