Unajibu vipi ofa ya kazi? Maswali yenu

"Nipo kazini Wete, nimepata ofa ya mapokezi hoteli ya Paje. Barua imeandika nianze 6/7/2026. Niandike barua ya kuacha kazi leo?" (Ukhti, Wete)

Usiandike bado, ukhti. Hebu itazame hiyo tarehe. Kwetu ni 6 Julai, siku ya Jumatatu. Meneja aliyezoea kutanguliza mwezi anasoma 7 Juni, ambayo ni Jumapili. Katika baruapepe yako taja siku na mwezi kwa jina: "Jumatatu, 6 Julai 2026, saa 1:00 asubuhi". Na saa pia, maana nimewahi kumwona kijana akisoma 7:00 kwenye barua akaja saa saba mchana, watu washamaliza kula.

Ukishajibiwa "ndiyo, ni Julai", hapo ndipo utoe notisi huko uliko. Tuseme mkataba wako unadai mwezi mmoja na umejibiwa Jumatano, 3 Juni: ukitoa notisi siku hiyohiyo, unamaliza Ijumaa, 3 Julai. Jumamosi upo kwenye boti, Jumapili ni ya akiba, kwani kusi ikivuma safari za Pemba hazina ahadi. Jibu likichelewa hata wiki moja, omba tarehe isogezwe kabla hujakubali.

"Kwenye simu waliniambia laki nane, pamoja na chumba na chakula. Barua ina 800,000 tu, mengine hayamo. Nikiuliza sitaonekana nina tamaa?" (Kijana wa Mkokotoni)

Tamaa ni kudai kisichosemwa. Wewe unauliza walichokisema wenyewe.

Kwanza, hiyo laki nane ni kabla ya makato au ni ya mkononi? Ikiwa ni kabla ya makato, mchango wako wa ZSSF wa asilimia 7 ni shilingi 56,000. Zinabaki 744,000, na kodi ya mshahara bado haijapita. Aliyepanga maisha kwa laki nane kamili ataliona pengo mwezi wa kwanza tu. Kama ofa ni ya dola, uliza watalipa kwa dola au shilingi, na kwa kiwango cha siku ipi.

Chumba na chakula viandikwe pia. Chumba ni chako peke yako au mnalala wanne? Chakula ni siku ya zamu tu au hata siku ya mapumziko? Na lipo jambo ambalo wengi hulisahau: masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hupungukiwa wageni, na nyengine hufunga kabisa. Uliza miezi hiyo unalipwa mshahara kamili, nusu, au unapelekwa likizo bila malipo. Nikipewa nafasi ya kuuliza swali moja tu, nitauliza hili.

Ila angalia mpangilio. Usiandike "nimekubali, ila naomba pia chumba." Hapo hujakubali, umerudisha ofa yenye sharti jipya, nao wanaweza kuiacha. Tuma maswali kwanza, subiri jibu, kisha andika kukubali ukitaja yaliyojibiwa.

"Meneja wa hoteli ndiye aliyenisaili, ofa imetoka ofisi ya Dar es Salaam, na anayenipigia simu kila siku ni msimamizi wa zamu. Bosi wangu nani?" (Dada wa Jambiani)

Bosi ni yule anayetia saini likizo yako na anayeamua kama umefaulu muda wa majaribio. Msimamizi anaweza kukupangia zamu na bado asiwe na kauli katika hayo mawili. Taja cheo, usitegemee jina, kwani mameneja wa hoteli huja na kuondoka. Baruapepe yenyewe haihitaji urefu. Nimeazima tarehe ya ukhti wa Wete na mshahara wa kijana wa Mkokotoni:

> Nakubali ofa ya kazi ya mapokezi kama ilivyo katika barua yenu na majibu yenu ya baruapepe. Nitaanza Jumatatu, 6 Julai 2026, saa 1:00 asubuhi. Mshahara ni shilingi 800,000 kwa mwezi kabla ya makato, pamoja na chumba na chakula. Nitaripoti kwa Meneja wa Mapokezi, ambaye ndiye atakayeidhinisha likizo na kunitathmini baada ya miezi mitatu ya majaribio. Naomba mnithibitishie kuwa ndivyo.

Itume Dar, na nakala kwa meneja wa hoteli. Wakiwa na majibu mawili tofauti, ni heri uyajue sasa kuliko siku unayoomba ruhusa ya msiba.

"Nishajibu WhatsApp, 'sawa nimekubali'. Nimechelewa?" (Kaka, Chake Chake)

Hujachelewa. Andika baruapepe leo ukianza na "Kama nilivyokubali kwa WhatsApp tarehe fulani", kisha yafuate hayo ya juu. Ujumbe wa simu upige picha uuhifadhi, na utumie anwani yako binafsi. Ya kazini siku ukiondoka inafungwa na kila kitu ndani yake.