Pezqueñines kwa Kiswahili cha Kisumu: venye nashughulikia slogani zenye utani

Kama ndio umemaliza kusoma Kihispania na unataka kuingia kazi ya kutafsiri matangazo, zoezi ya kwanza huwa napea wageni ni hii: "Pezqueñines, no, gracias. Debes dejarlos crecer." Ilitoka Uhispania miaka ya 1980, kwa taasisi ya serikali ya soko la samaki iliyoitwa FROM, walikuwa wanabembeleza watu waache kununua na kula samaki ambao hawajakomaa. Naipenda juu sisi wa Kisumu hiyo shida hatuhitaji kuelezewa, ziwa iko hapo na sheria inataka mbuta afike sentimita 50 ndio avuliwe, na bado ukienda soko unajua venye mambo huwa.

Sasa usikimbilie kamusi kwanza. Pezqueñines ni neno la kubuni. "Pez" ni samaki, "pequeñines" ni vile vidogo, tena kwa sauti ya mapenzi, venye mama anaita watoto wake. Ukiangalia vizuri wamechukua pequeñines wakaongeza herufi moja tu, ile z, ambayo Uhispania wengi wanaitamka kama th ya "thamani", na ghafla watoto wamekuwa samaki. Hapo ndio mshono uko. Kuna kingine chini yake ambacho wageni wengi hupita bila kuona: Kihispania kina majina mawili, samaki akiwa hai majini ni pez, akishavuliwa aende sahani ni pescado. Kwa hivyo neno lenyewe linakukumbusha huyu bado ni wa majini, hajafika saa yake ya kuwa chakula.

Andika hayo yote kwa karatasi kabla ya kutafsiri. Mimi huandika vitu tatu: neno linabeba maana gani mbili, zimeshikana kwa sauti gani, na mtu akicheka anabaki akifikiria nini. Hiyo ya tatu ndio klayenti analipia. Hapa mtu anabaki akiona mtoto mahali alikuwa anaona mboga.

Tafsiri ya kwanza kila mtu huleta ni "Samaki wadogo? Hapana, asante." Soma hiyo kwa sauti karibu na mama anauza omena halafu uniambie. Omena hata akiwa mzee ni wa urefu wa kidole, hakuna siku atakua awe mkubwa, na nusu ya hii town inamkula kwa ugali. Umeandika tangazo ya kukataza watu omena na haukuwa unajua. Tena si sisi peke yetu, hata Uhispania kuna samaki anaitwa chanquete ambaye ni mdogo maisha yake yote, na kumekuwa na ujanja wa kuuza vifaranga vya sardini kwa jina lake. Kwa hivyo kitu unatafuta ni uchanga, udogo weka kando, na hiyo inabadilisha maneno yote unaenda kuchagua.

Mtu wa pili ataleta "samatoto", samaki na mtoto zimegongana. Si mbaya, inaeleweka haraka, na huku watu husema mtoto wa samaki tu kawaida. Shida yake ni mshono unaonekana, umekata samaki katikati ukaweka kitu ingine, hakuna herufi zinashirikiana. Utani wa Kihispania ulikuwa mtamu juu neno moja lilikuwa limejificha ndani ya lingine.

Hapo ndio unaandika neno samaki juu ya karatasi na chini yake unaorodhesha kila jina la mtoto wa mnyama unajua, mtoto, kifaranga, ndama, kinda, na uangalie mwisho wa la kwanza unafanana na mwanzo wa gani. Samaki inaisha na "maki". Wingi wa kinda ni makinda. Sama-kinda, sa-makinda, samakinda! Silabi mbili nzima zinatumika na pande zote mbili, hakuna mtu amekatwa. Na makinda watu wanaijua kwa redio, mtangazaji wa mpira akisema timu imechezesha makinda kila mtu anajua ni vijana ambao hawajaiva. Kwa hivyo umepata samaki, umepata uchanga, na omena hajaguswa, juu omena aliyekomaa si kinda.

Lakini usisherehekee. Samakinda ina udhaifu wake, kinda si neno la kila siku kwa kila mtu, kuna mtu atasikia "samaki nda" akuulize nda ni nini. Ndio maana mstari wa pili upo. "Debes dejarlos crecer", unapaswa kuwaacha wakue, hauna utani wowote ndani yake, kazi yake ni kudaka yule ambaye wa kwanza umempita. Wageni huona mstari mkavu wanataka kuupamba na mchezo mwingine, wacha, ukiweka utani juu ya utani yule amepotea anapotea kabisa. Mimi nimeandika tu "Waache wakue." Hizo wa mbili zinafuatana zenyewe kwa ulimi, hiyo ni bure, Kihispania hakikuwa nayo na sitakataa.

Katikati kuna "no, gracias" na usiidharau. Ni venye mtu anakataa kitu kwa adabu, amepitishiwa sahani anasema mimi hapana. Nilitaka kitu chenye watu husema kweli wakipewa chakula, na sisi mtu akikataa chakula kwa adabu husema "asante, nimeshiba". Inakaa poa kwa karatasi: "Samakinda? Asante, nimeshiba." Nikasomea mama mmoja wa samaki kule Dunga nikamuuliza amesikia nini. Akasema kuna mtu amekula hao wadogo mpaka ameshiba. Na ako sawa kabisa! Ukisikia bila kuona picha, huyo jamaa amemaliza sahani. Nikarudi kwa "Aa-a, asante", ambayo haina ujanja lakini haina mlango wa nyuma.

Angalia swali nilimuuliza. Usiulize mtu "umeelewa?", kila mtu ameelewa, hakuna mtu anataka kuonekana mjinga mbele ya kijana na karatasi. Uliza "umesikia nini?" halafu nyamaza. Soma kwa mdomo bila kumwonyesha maandishi, juu slogani nyingi za huku zinaishia kwa redio na kwa spika ya gari, na mchezo ambao unaonekana kwa macho tu hapo umekufa. Ukipita tena baadaye mwambie akurudishie. Akirudisha neno lenyewe, limeshika. Akirudisha "wale samaki watoto", maana imefika lakini utani umeanguka njiani, na lazima uambie klayenti hivyo.

Kuna wakati lugha yenyewe inakufanyia kazi, na hiyo pia ujue kuitambua. Mwaka wa 1990 serikali hiyo hiyo ya Uhispania ilitoa tangazo ya kondomu kwa vijana: "Póntelo, pónselo." Maneno mawili tu, tofauti ni te na se, jiwekee na mwekee. Hakuna mahali kitu chenyewe kimetajwa na hapo ndio uchokozi uko. Kiingereza mara nyingi ingebidi kichague huyo mwenzako ni wa kiume ama wa kike, Kihispania hakichagui. Na sisi pia hatuchagui. Kiswahili kina ji na kina m, zinakaa ndani ya kitenzi mahali hapo hapo: "Jivike, mvike." Ile lo ya mwisho, yaani hicho kitu, inabidi uiache kwa sababu kitenzi chetu kinabeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa, lakini haidhuru, kitu kimebaki bila kutajwa na hiyo ndio tulitaka. Tena kuvika kwetu kunaenda na pete, mtu akisikia mvike anafikiria harusi kidogo kabla ashtuke ni nini kinavikwa. Ni utani mpya ambao Wahispania hawakuwa nao, na naona unafaa, lakini mwenye tangazo aambiwe uko hapo, asikuje kuusikia kwa mtu wa kanisa.

Hii nayo ipeleke kwa sikio kwanza. Huku kwetu kuna midomo ambayo v inatoka ikiwa f, Dholuo haina v, na "mfike" kwa tangazo ya kondomu ni amri ingine kabisa. Mimi nilicheka sana. Kwa bango hakuna neno, kwa redio ya huku mtangazaji achaguliwe.

Na tafadhali muachane na paa na kaa. Najua mlifundishwa vitate na vitawe mpaka mkaota, na KCSE iliuliza mtoe maana mbili za sentensi, lakini tangazo si mtihani. Paa ya nyumba na paa ya mnyama hazikutani kwa maisha ya mtu kamwe, ni lini mara ya mwisho mtu wa Kondele alisema paa akimaanisha swala? Maana zote mbili lazima ziwe mdomoni mwa watu wiki hiyo hiyo, la sivyo unatoa kitendawili na hakuna mtu atasimama barabarani kukitegua.

Ukishamaliza, usitume jibu moja peke yake. Natumaga chaguo mbili ama tatu, na chini ya kila moja naandika inasema nini neno kwa neno kwa lugha ya klayenti, mchezo uko wapi, nini imepotea, na hatari gani imebaki. Kwa samakinda ningeandika: samaki na makinda wanashiriki silabi mbili, ile tofauti ya pez na pescado imepotea, kuna wasikilizaji hawajui kinda, itumike na picha. Samatoto inafuata kama ya kueleweka haraka lakini haina utamu. Yule klayenti hajui Kiswahili, anachagua kwa hayo maelezo, na ukimnyima atachagua ile inafanana na Kihispania kwa macho.

Halafu bei. Ukikubali kulipwa kwa neno, "Póntelo, pónselo" ni maneno mawili, fanya hesabu mwenyewe. Slogani omba kwa saa ama kwa kazi nzima, na umwambie kabla ujaanza kwamba kwa hiyo bei kuna kwenda Dunga na kurudi.