Mhudumu feki anapokuomba upakue AnyDesk

Wanaoanza kucheza mtandaoni hudhani tapeli lazima akuombe nywila. Huyu wa kushea skrini haombi. Tena atakuonya mwenyewe: "Usimpe mtu nywila yako, hata mimi." Anachotaka ni uiandike huku anakutazama.

Tuseme umeomba kutoa pesa kwenye akaunti yako ya mchezo na ombi limekwama. Unalalamika hadharani kwenye ukurasa wa kampuni, na muda si mrefu mtu mwenye nembo ileile anakuandikia faragha. Anadai akaunti yako ina hitilafu, upakue AnyDesk au TeamViewer QuickSupport, programu za kumwonyesha mtu wa mbali skrini yako, ili "mafundi" wairekebishe. Programu hizi ni halali, mafundi wa kweli huzitumia kila siku, kwa hiyo usitegemee simu ikuonye kwamba umeweka kirusi. Ukifungua AnyDesk unaona namba ya tarakimu 9 au 10, na hiyo ndiyo atakayoiomba. Namba peke yake haitoshi: sharti ukubali ombi lake la kuunganishwa, kisha ukubali skrini yako irushwe. Mpaka hapo bado unaweza kukataa na usipoteze kitu.

Kwenye Android, kuona skrini na kuigusa ni ruhusa mbili tofauti. Akikupeleka kwenye Mipangilio, sehemu ya Accessibility, ujue sasa anataka kubonyeza mwenyewe. Kwenye iPhone anaishia kutazama, ila kutazama kunamtosha. Programu nyingi za benki humtokea kama skrini nyeusi. SMS inayoshuka juu ya skrini huenda isifichwe hivyo. Wakati anakupigisha soga kuhusu "hitilafu", kwenye kompyuta yake ameshabonyeza "nimesahau nywila". Msimbo unaingia kwako, anausoma, anaweka nywila mpya. Hukumtajia mtu msimbo, na akaunti imekwenda.

Ukishtuka katikati, usihangaike kufuta programu kwanza, maana mwenye ruhusa ya kugusa anaweza kukufungia ukurasa kabla hujamaliza. Kata mtandao: washa hali ya ndegeni na uhakikishe Wi-Fi nayo imezimika, au zima simu kabisa. Ukiwa bado nje ya mtandao, zima ruhusa ile ya Accessibility, ndipo ufute programu.

Nywila zibadilishe kwa kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kwa sababu viungo vya kubadilishia nywila za akaunti nyingine hupitia huko. Benki wapigie kwa namba iliyo nyuma ya kadi, si ile uliyotumiwa kwenye mazungumzo.

Kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti ya mchezo, na ufungue sehemu ya namba na barua pepe za kurejesha akaunti. Wengi hupasahau hapo. Akiwa ameongeza namba yake, nywila yako mpya ataibadilisha tena kesho.